Jinsi ya Kutambua Chanzo cha Sampuli ya Hip Hop Ukiwa na Kitanzi Kifupi Tu

Sampuli ni kipande cha rekodi ya zamani ambacho prodyuza hukichukua na kukitumia katika wimbo mpya. Msikilizaji anayetafuta chanzo chake kwa kawaida huanza na kitu kidogo sana: sekunde mbili au tatu za saksofoni, piano au besi zinazojirudia chini ya sauti ya mchenguaji kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kipande hicho kinachojirudia nitakiita kitanzi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukichukua kitanzi kama kilivyo na kukitafuta hivyo hivyo, ilhali karibu kila mara prodyuza amekwisha kukibadili kasi, kukikata, kukichuja na kukifunika kwa ngoma zilizotoka mahali pengine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumrudisha nyuma prodyuza, yaani kuondoa alichoongeza na kutengua alichogeuza, na utafutaji wenyewe hufuata baadaye.

Nitatumia mfano mmoja unaofahamika vizuri, wimbo wa Pete Rock na CL Smooth uitwao "They Reminisce Over You (T.R.O.Y.)" wa mwaka 1992, uliotungwa kumkumbuka Troy Dixon, mcheza dansi wa kundi la Heavy D & the Boyz aliyefariki mwaka 1990. Kirai cha saksofoni katika wimbo huo ni miongoni mwa vitanzi vinavyopendwa zaidi katika hip hop yote. Jibu lake linajulikana leo, na kwa sababu hiyo unafaa kujifunzia: unaweza kuifuata njia hatua kwa hatua na kuona mahali ambapo mtafutaji angeweza kupotea.

Hatua ya kwanza: pata nakala safi na ukate mzunguko mmoja

Usifanyie kazi rekodi iliyonaswa na simu kutoka kwenye spika. Tafuta toleo la wimbo lisilo na maneno, kwa maana santuri nyingi za hip hop za miaka ya 1980 na 1990 zilizotolewa kwa ajili ya madijei zilikuwa na toleo kama hilo upande wa pili. Ikiwa halipatikani, sikiliza mwanzo wa wimbo, mwisho wake, na zile nukta chache ambapo prodyuza huzima ngoma ili mchenguaji aanze beti mpya. Mara nyingi sekunde mbili tupu katikati ya wimbo zina thamani kuliko dakika nne zilizobaki.

Fungua faili katika programu ya kuhariri sauti kama Audacity, kisha ukate mzunguko mmoja kamili wa kitanzi, kuanzia pigo la kwanza hadi kabla tu ya pigo hilo kurudi. Andika urefu wake kwa sekunde, angalau kwa tarakimu mbili baada ya nukta, kwa kuwa utauhitaji mwishoni kwa uthibitisho. Kukirudia kitanzi mara kumi hakuongezi taarifa yoyote mpya. Kunaipa tu programu ya utambuzi muda wa kutosha wa kusikiliza.

Sikiliza pia mishono, yaani sehemu ambazo mlio unakatika ghafla, mwangwi unapotea kabla ya wakati wake, au pumzi ya mpulizaji inaishia katikati. Mshono hukueleza wapi kipande kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Pete Rock alifanya kazi kwa mashine ya sampuli ya E-mu SP-1200, ambayo kumbukumbu yake yote ilibeba takriban sekunde 10 za sauti, na kipande kimoja hakikuweza kuzidi sekunde 2.5. Katika mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, mapigo manne huchukua sekunde 2.5 kamili. Basi ukisikia kirai cha mapigo manane katika wimbo uliotengenezwa kwa mashine hiyo, jiulize kama kimeunganishwa kutoka vipande viwili, ambavyo katika santuri ya asili huenda havikufuatana hata kidogo.

Hatua ya pili: tenganisha kilicho cha sampuli na kilichoongezwa

Hapa panahitaji masikio kuliko chombo. Ngoma katika wimbo wa hip hop kwa kawaida hutoka chanzo kingine, na ndivyo ilivyo katika mfano wetu, ambamo ngoma zimetolewa katika rekodi ya kundi la The Beginning of the End na wala si katika ile yenye saksofoni. Mtu anayetafuta kwa kutumia mchanganyiko mzima anaweza kupata jibu sahihi kuhusu ngoma, akadhani limemweleza kuhusu saksofoni, na kuanzia hapo akapotea kabisa.

Chuja sauti za chini ili kupunguza ngoma kubwa na besi iliyoongezwa, na usikilize kinachobaki nyuma ya ala kuu. Mlio hafifu wa matoazi, kikohozi, waimbaji wa mbali au mwangwi wa chumba, vyote hivyo ni mali ya rekodi ya asili, kwa sababu prodyuza hakuwa na namna ya kuvitoa. Katika T.R.O.Y. nyuma ya saksofoni kuna sauti za waimbaji wa pamoja, na alama hiyo moja inapunguza uwanja sana: tunatafuta rekodi yenye saksofoni na kwaya pamoja, na rekodi za jazi za namna hiyo si nyingi.

Kinyume chake, usishawishike na kilichokosekana. SP-1200 ilikuwa na njia za kutolea sauti zenye kichujio kinachokata sauti za juu, na maprodyuza walikitumia kusudi ili kubakiza besi peke yake. Kitanzi kinachosikika kama besi iliyofunikwa blanketi huenda katika santuri ya asili kina magitaa, tarumbeta na mwimbaji juu yake. Kwa hiyo ukikutana na kitanzi cha besi, kumbuka mpangilio wa noti zake na uache kutegemea rangi ya mlio.

Hatua ya tatu: rudisha kasi ya asili

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo, na inastahili subira. Santuri ikizungushwa haraka, mambo mawili hutokea kwa pamoja: wimbo unakwenda kasi na sauti inapanda juu. Mashine za sampuli za wakati ule zilifanya vivyo hivyo. Kipimo tutakachotumia ni nusutoni, yaani umbali kutoka kitufe kimoja cha piano hadi kile kinachokifuata mara moja, cheusi au cheupe. Kupanda nusutoni moja ni kuongeza kasi kwa karibu asilimia 6.

Kuna viwango viwili vinavyojirudia mara kwa mara, na inafaa kuvikariri. Cha kwanza ni santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika kuchezwa kwa mizunguko 45. Kasi huongezeka mara 1.35, na sauti hupanda nusutoni 5 na kidogo. Maprodyuza wa SP-1200 walifanya hivyo ili kubana kumbukumbu: sekunde 2.5 za mashine ziliweza kubeba karibu sekunde 3.4 za santuri, kisha wakakishusha kipande ndani ya mashine hadi kilipowapendeza, na huo ndio ulikuwa mmojawapo wa vyanzo vya ule ukwaruzo tunaoupenda. Walipokishusha hawakulazimika kukirudisha mahali pake halisi. Cha pili ni kitelezi cha kasi cha mashine za kuchezea santuri za Technics SL-1200, ambacho huongeza au kupunguza hadi asilimia 8, sawa na nusutoni moja na theluthi. Kitelezi hakiheshimu vitufe vya piano. Ukijaribu kupiga piano sambamba na kitanzi ukakuta kila noti inaangukia katikati ya vitufe viwili, hiyo ni dalili nzuri kwamba kasi imeguswa, ingawa rekodi nyingine za zamani zilipigwa zikiwa nje kidogo ya kipimo cha leo tangu mwanzo.

Utajuaje kama kitanzi kimeharakishwa au kimepunguzwa? Sikiliza mtetemo wa sauti katika noti ndefu, ule unaowekwa na mwimbaji au mpulizaji mwishoni mwa noti. Kwa binadamu mtetemo huo huwa takriban mara 5 au 6 kwa sekunde. Ukihesabu 8, karibu hakika kitanzi kimeharakishwa. Ukihesabu 3 au 4, kimevutwa. Sauti ya mtu mzima inayosikika kama ya mtoto ni dalili nyingine, na matoazi yanayochukua muda mrefu mno kufifia ni dalili ya upande wa pili.

Hata hivyo kukisia peke yake hakutoshi. Tengeneza nakala za kitanzi katika kasi zote zinazowezekana, kuanzia nusutoni 6 chini hadi 6 juu, kwa hatua za nusu ya nusutoni. Katika Audacity utatumia amri ya Change Speed and Pitch, ambayo katika matoleo ya zamani inaitwa Change Speed. Usitumie Change Tempo wala Change Pitch, maana hizo hutenganisha mambo ambayo santuri huyaunganisha. Anayefahamu ffmpeg, programu ya sauti na video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, anaweza kutengeneza nakala zote 25 kwa mara moja, mradi faili ya kitanzi iwe na kiwango cha vipimo 44100 kwa sekunde:

```
for n in $(seq -12 12); do
  ffmpeg -i kitanzi.wav -af "asetrate=44100*2^($n/24),aresample=44100" kasi_$n.wav
done
```

Namba hasi ni nakala zilizoshushwa, na namba chanya ni zilizopandishwa.

Sasa chezea programu ya utambuzi kama Shazam kila nakala kwa zamu. Programu za aina hii hulinganisha mpangilio wa vilele vya sauti katika wakati na rekodi zilizohifadhiwa, na kasi ikipishana kwa zaidi ya asilimia chache mpangilio haulingani tena. Ndiyo sababu kitanzi ambacho hakikujibiwa asubuhi kinaweza kujibiwa jioni baada ya kushushwa nusutoni 2. Tahadhari ni kwamba nakala ambayo kasi yake haikuguswa itakuletea wimbo wa hip hop ulikokitoa kitanzi, na nyingine inaweza kukuletea wimbo mpya zaidi uliotumia sampuli ile ile. Jibu lolote lenye mwaka wa baadaye kuliko wimbo wako ni ndugu wa kitanzi, si mzazi wake.

Hatua ya nne: programu zikinyamaza, tafuta kwa maandishi

Kabla ya kuchimba, angalia tovuti ya WhoSampled inayoorodhesha sampuli na vyanzo vyake, kwa kuwa huenda mtu amekwisha kuifanya kazi hii. Taarifa zake huletwa na wasikilizaji, kwa hiyo zichukulie kama pendekezo la kuthibitisha kwa masikio yako.

Kisha soma maelezo yaliyochapishwa kwenye albamu. Mwezi Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya Biz Markie na kampuni yake katika kesi ya sampuli ya wimbo wa Gilbert O'Sullivan, na baada ya hapo kampuni za muziki zikawa makini zaidi kuomba ruhusa na kuandika vyanzo. Hata pale ambapo chanzo hakikuandikwa, majina ya watunzi hukisaliti. Orodha za ASCAP na BMI, mashirika ya Marekani yanayokusanya mirabaha ya watunzi, zinaweza kutafutwa na mtu yeyote, na ukikuta miongoni mwa watunzi wa wimbo wa hip hop jina la mtu aliyekuwa akitunga nyimbo za roki miaka 25 kabla, umepata uzi wa kuuvuta.

Lakini uzi huo una fundo, na hapa mfano wetu unafundisha jambo muhimu kuliko yote. Utunzi na rekodi ni vitu viwili tofauti, vyenye haki mbili tofauti. Orodha za watunzi hukupeleka kwenye utunzi, ilhali sampuli ni kipande cha rekodi. Wimbo uliomo ndani ya T.R.O.Y. unaitwa "Today", na watunzi wake ni Marty Balin na Paul Kantner wa kundi la Jefferson Airplane, walioutoa mwaka 1967 katika albamu ya Surrealistic Pillow. Mtafutaji aliyefika hapo ataisikiliza rekodi hiyo kwa shauku na kukuta magitaa na sauti ya Balin, bila saksofoni yoyote. Wengi wangekata tamaa hapo na kuamua kwamba walikosea, kumbe wamebakisha hatua moja tu.

Swali linalofaa kuulizwa wakati huo ni hili: nani mwingine aliurekodi wimbo huu kabla ya 1992, na miongoni mwao nani alikuwa mpiga saksofoni? Katika miaka ya 1960 lilikuwa jambo la kawaida kwa wanamuziki wa jazi kuzirekodi upya nyimbo za roki zilizovuma. Ingia katika Discogs, tovuti inayoorodhesha rekodi zilizotolewa, tafuta jina la wimbo, na upunguze matokeo kwa mwaka na aina ya muziki. Kwa kuwa "Today" ni jina lililotumiwa na nyimbo nyingi mno, lisindikize na majina ya watunzi. Dalili tulizokusanya katika hatua ya pili, saksofoni pamoja na waimbaji wa kikundi, zinatuongoza hadi albamu ya The Honeysuckle Breeze, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1967 na lebo ya Impulse!, ambamo kijana Tom Scott anapuliza saksofoni akisindikizwa na kikundi cha waimbaji kiitwacho The California Dreamers. Kirai tunachokitafuta ni cha Scott na hakimo katika utunzi wa Jefferson Airplane, na ndiyo maana hata kuuimba wimbo wa asili mbele ya programu kusingekisaidia kitu.

Ikiwa huna jina la mtunzi wala la wimbo, chimba kwa kumfuata prodyuza. Orodhesha sampuli zake zinazojulikana za miaka miwili au mitatu inayouzunguka wimbo wako, kisha uzisikilize albamu hizo nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Prodyuza aliyenunua santuri moja mara nyingi alitumia nyimbo mbili ndani yake, na aliyeipenda lebo fulani alinunua nyingine za lebo hiyo. Kazi hii ni ya polepole, ila naipenda kuliko zote, kwa sababu hata usipopata ulichokitafuta unakuwa umesikiliza muziki mzuri ambao usingeufikia kwa njia nyingine.

Hatua ya tano: thibitisha kwa vipimo

Kufanana hakutoshi, hasa katika muziki wa fanki na jazi ambamo virai vingi ni vya kurithiana. Ukipata rekodi unayoidhania, kata ndani yake kipande kile kile na upime urefu wake. Tuseme kitanzi katika wimbo wa hip hop ni sekunde 2.50, na kipande cha asili ni sekunde 2.65. Gawanya 2.65 kwa 2.50 upate 1.06, ambayo ni nusutoni moja. Basi kitanzi ni lazima kisikike nusutoni moja juu ya asili. Kikilingana, ushahidi ni mzito, kwa kuwa urefu na kimo cha sauti vimekubaliana bila kuambizana. Kama urefu unadai nusutoni 1 na masikio yanasikia 3, kuna maelezo mawili ya kawaida: ama prodyuza alitumia mashine iliyoweza kuvuta muda bila kugusa sauti, jambo ambalo SP-1200 haikuliweza, ama wanamuziki waliajiriwa kukipiga kirai upya studioni, na hapo hakuna sampuli ya rekodi hata kama utunzi umeazimwa.

Mwisho, weka kipande cha asili kilichorekebishwa kasi katika upande mmoja wa visikizi na kitanzi katika upande wa pili. Sahau noti kuu na usikilize makosa: pumzi, noti iliyochelewa kidogo, toazi lililogongwa dhaifu. Mwanamuziki anaweza kukirudia kirai cha mwenzake, lakini hawezi kurudia pumzi yake kwa nafasi ile ile. Na ikiwa kitanzi kilikatwa na kupangwa upya, fanya ulinganisho huu kwa kila kipande kati ya mshono na mshono.

Hapo ndipo penye mpaka wa njia hii nzima. Wimbo wa kundi la Mobb Deep "Shook Ones, Part II" ulitoka mwaka 1995 na kupendwa duniani kote, lakini chanzo cha piano yake hakikujulikana hadharani hadi mwaka 2011, ilipobainika kuwa ni "Jessica" ya Herbie Hancock, kutoka albamu ya Fat Albert Rotunda ya mwaka 1969. Rekodi hiyo haikuwa adimu, na Hancock si mtu wa pembeni. Huenda baadhi ya waliokuwa wakiitafuta walikuwa nayo nyumbani. Kilichoificha ni kwamba Havoc, prodyuza wa Mobb Deep, alichukua noti chache tu, akazibadili kasi na kuzipanga hadi zikatoa wimbo mwingine. Katika hali kama hiyo mpangilio wa noti hausaidii, na programu haina mfuatano wa kushika. Kinachobaki ni kukata kila noti peke yake, kuirudisha katika kasi mbalimbali, na kusikiliza mlio wenyewe wa piano ile huku ukipita albamu moja baada ya nyingine.